VA si Wati: Kwa Nini Inveta ya 1000 VA Inalia Kabla ya Kufika Wati 800

Hotuba kwa mafundi wa sola na wenye maduka, Morogoro

Ndugu mafundi wenzangu, na ninyi wenye maduka mliofunga biashara zenu asubuhi hii mkaja kusikiliza, shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Nimeombwa nizungumzie inveta zinazolia wakati hesabu ya karatasi inaonyesha hazijazidiwa. Malalamiko haya mnayajua. Mteja amejumlisha wati za vitu vyake akapata chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye inveta. Fundi amefunga kazi safi. Wiki ya kwanza hakuna shida. Kisha jioni moja inveta inapiga kelele, inawasha taa nyekundu na kuzima duka zima. Fundi anaitwa, anapima betri, betri nzima. Anaondoka, kesho yake inarudia. Mwisho wake betri zinabadilishwa bure, au fundi anapoteza jina.

Nataka tuifuate kesi moja ya namna hii mpaka mwisho, kwa tarakimu, na tukimaliza kila mmoja awe na uwezo wa kuihesabu mwenyewe.

Tuchukue duka la vinywaji. Lina friji mbili za kioo, zile za kuonyesha soda. Lina kompyuta ya mezani ya kuandikia mauzo, na balbu sita za LED. Inveta yake ni ya transfoma, ya betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo kupata volti 24. Ubavuni imeandikwa 1000 VA / 800 W. Kila friji inatumia wati 300 kompresa ikiwa inazunguka, kompyuta wati 120, na kila balbu wati 10. Jumla ni 300 na 300, ongeza 120, ongeza 60: wati 780. Chini ya 800. Mwenye duka yuko sahihi, fundi naye yuko sahihi, na inveta inalia.

Sasa tutoke kwenye karatasi tuende kwenye waya. Ukishika klampu mita ukaibana kwenye waya mmoja wa friji, kompresa ikizunguka, utasoma ampia 2.0. Volti ni 230. Zidisha: 230 mara 2.0 ni 460. Lakini friji hiyo hiyo ukiichomeka kwenye kile kipimo kidogo cha wati kinachokaa kati ya plagi na soketi, kitakuonyesha wati 300. Vipimo vyote viwili ni vizima na vyote vinasema kweli. Ile 460 ndiyo volti-ampia, VA, ambayo kwenye vitabu vyetu mtaikuta kwa jina la nguvu dhahiri. Ile 300 ni wati, nguvu inayofanya kazi: inayozungusha kompresa na kutoa joto. Ukigawa 300 kwa 460 unapata 0.65, na hiyo ndiyo pawa fakta ya friji hii. Kwenye kioo cha kipimo imeandikwa PF.

Kwa nini zitofautiane? Umeme wa nyumbani unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20. Kwenye pasi au jiko la koili, mkondo unapanda volti ikipanda na kushuka volti ikishuka, vinakwenda pamoja kila nukta, kwa hiyo VA na wati ni kitu kimoja. Mota ya kompresa ina koili zilizozungushwa kwenye chuma, na lazima zitengeneze sumaku kwanza ndipo mota izunguke. Koili hizo zinauchelewesha mkondo. Kwa pawa fakta ya 0.65, kilele cha mkondo kinafika karibu milisekunde 2.8 baada ya kilele cha volti. Ni sawa na mtu anayemsukuma mtoto kwenye pembea bila kuvizia wakati wake: msukumo unaokuja pembea ikiwa bado inarudi kwake unamchosha mkono, na pembea haiendi mbele kwa ajili yake.

Katika zile nukta ambazo volti imeshageuka upande na mkondo bado haujageuka, nishati iliyohifadhiwa kwenye sumaku ya mota inarudi nyuma kuelekea inveta. Milisekunde chache baadaye inatoka tena. Inakwenda na kurudi mara 100 kila sekunde bila kupoza soda hata moja. Lakini kila inapokwenda na kila inaporudi inapita kwenye waya, kwenye koili za transfoma na kwenye transista za inveta. Vifaa hivyo havijui kama mkondo unaopita una kazi au hauna. Vinapata joto kwa kila ampia.

Kompyuta na balbu za LED zina sababu nyingine kabisa, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu mafundi wengi tumefundishwa pawa fakta ya mota tu. Ndani ya pawasaplai ya kompyuta isiyo na saketi ya kurekebisha pawa fakta, kitu cha kwanza ni daraja la dayodi, kisha kapasita kubwa. Kapasita hiyo inakaa imejaa karibu na volti 325, ambayo ndiyo kilele cha umeme wa 230. Dayodi haziwezi kupitisha chochote mpaka volti ya nje ipande juu ya ile ya kapasita, na hilo linatokea karibu na kilele tu. Kwa hiyo katika kila nusu mzunguko ya milisekunde 10, kompyuta inakaa kimya muda mwingi, halafu inavuta mkondo mkubwa kwa milisekunde mbili au tatu. Hakuna kuchelewa hapo. Mkondo unafika kwa wakati, ila umekusanywa kuwa kipande chembamba kirefu. Na mkondo wa namna hiyo unachemsha waya kuliko mkondo huo huo ukisambazwa sawasawa, kwa sababu joto linafuata mraba wa ampia. Kompyuta yetu ya wati 120 ina pawa fakta ya 0.6, kwa hiyo inachukua 200 VA.

Balbu ndiyo rahisi kuliko vyote kuikagua, maana wanakuandikia wenyewe. Geuza boksi la balbu ya bei nafuu usome maandishi madogo. Utakuta wati 10, na karibu yake PF 0.5, au utakuta miliampia 87. Zidisha 0.087 kwa 230, unapata 20. Balbu ya wati 10 inakula 20 VA. Sita ni 120 VA.

Tukijumlisha harakaharaka sasa: friji mbili 920 VA, kompyuta 200, balbu 120. Jumla 1240 VA. Hiyo ni jumla ya usalama na mtu akiitumia kununua inveta hatajuta. Lakini si sahihi kabisa, kwa sababu uchelewaji wa friji na vile vipande vya kompyuta havilaliani moja kwa moja. Kinachojumlishwa kwa hesabu ya kawaida ni wati peke yake, na sehemu isiyo na kazi ya kila aina na wenzake wa aina yake. Baada ya hapo unaziunganisha kwa mraba, kama Pitagora wa darasani:

```
Friji mbili:      P = 600 W    Q = 2 × √(460² − 300²) ≈ 697
Kompyuta:         P = 120 W    D = √(200² − 120²) = 160
Balbu sita:       P =  60 W    D = √(120² −  60²) ≈ 104

S = √(780² + 697² + 264²) ≈ 1079 VA
```

P ni wati. Q ni ile nguvu ya kwenda na kurudi ya mota. D ni ile inayotokana na mkondo uliokatwa vipande. S ni nguvu dhahiri, jumla ambayo inveta inaiona. Ni makadirio, kwa sababu vile vipande vya kompyuta na vya balbu havilingani umbo kikamilifu, lakini yanakaribiana vizuri na klampu mita itakavyosoma ukiibana kwenye waya wa kutoka inveta: 1079 gawanya kwa 230 ni ampia 4.7. Na inveta ya 1000 VA imeruhusiwa kutoa ampia ngapi? 1000 gawanya kwa 230, ni 4.35. Imezidiwa. Inalia kwa haki yake.

Na mbona hailii muda wote? Kwa sababu kompresa za friji hazizunguki muda wote. Friji moja ikipumzika, ukirudia hesabu hiyo hiyo unapata 650 VA hivi, chini ya ampia 3, na inveta haina neno. Shida inakuja dakika ambazo kompresa zote mbili zimekutana. Mchana wa joto, mlango wa friji unafunguliwa kila mara, au jioni wateja wamejaa na soda za moto zimeingizwa kwa wingi, kompresa zinakutana mara nyingi. Ndiyo maana fundi anayekuja asubuhi haoni kosa lolote. Kama umeitwa kwa kesi ya namna hii, usipime kabla hujasikia kompresa zote mbili zinanguruma. Geuza vidhibiti joto vyote viwili upande wa baridi zaidi ili zilazimike kuzunguka pamoja, ndipo ubane klampu.

Na wakati huo huo pima volti ya betri. Hii ndiyo njia ya kutofautisha inveta iliyozidiwa na betri iliyochoka. Kama inveta inazima na betri bado zinasoma volti 24 na kitu, shida iko upande wa mzigo. Kama volti inaporomoka hadi 21 au chini ya hapo mzigo ukiwekwa, basi kweli betri zimekwisha, au nyaya zake ni nyembamba, au kichwa kimoja kimelegea. Naomba msibadilishe betri ya mtu kabla ya kipimo hicho. Betri ni kitu ghali kuliko vyote kwenye mfumo ule, na kuna familia zimekopa kuzinunua mara ya pili bila sababu.

Sasa niwaeleze kuhusu ile 800 W, kwa sababu hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa. Watu wengi wakiona 1000 VA / 800 W wanasema, basi, mtengenezaji ameshatutolea pawa fakta, ameshazidisha kwa 0.8, sisi tuhesabu wati tu mpaka 800. Hapana. Lebo ile inataja dari mbili tofauti, na kila moja inasimama peke yake. Dari ya VA inatoka upande wa umeme wa 230: ni ampia ambazo transista na koili zinaweza kubeba bila kuungua. Dari ya wati inatoka upande wa betri: ni kiasi cha nguvu ambacho upande wa volti 24 unaweza kukivuta na kukipitisha. Mzigo wako lazima upite chini ya dari zote mbili.

Weka jiko la koili la wati 900 kwenye inveta hii. Pawa fakta yake ni 1, kwa hiyo ni 900 VA, dari ya kwanza haijaguswa. Lakini wati 900 zimepita 800, na inveta itazima. Weka mota tupu zenye pawa fakta 0.65. Hapo dari ya VA inakukamata kwanza: 1000 mara 0.65 ni wati 650, na huwezi kupata hata moja zaidi. Kwa hiyo ukiulizwa na mteja inveta hii inatoa wati ngapi, jibu la kweli linategemea anachotaka kukichomeka. Chukua VA, zidisha kwa pawa fakta ya mzigo wake, kisha linganisha na wati za lebo, na utumie iliyo ndogo. Duka letu, likijumlishwa lote, lina pawa fakta ya 780 kwa 1079, yaani 0.72. Inveta yake ilikuwa ya wati 720 tangu siku iliponunuliwa.

Mtengenezaji akiandika VA peke yake bila wati, muulize muuzaji, na akishindwa kujibu msichukulie kuwa ni 0.8. Zile UPS ndogo za kompyuta zinazouzwa madukani kama 650 VA, nyingi zina wati 360 au 390 tu, na zimeandikwa hivyo kwa herufi ndogo nyuma.

Kuna swali ambalo lazima litakuja, kwa hiyo nilijibu mapema: je, ile nguvu ya kwenda na kurudi inamaliza betri? Haimalizi, isipokuwa kidogo. Inachotoka nacho kinarudi kwenye kapasita za ndani ya inveta na kutoka tena. Betri inalipia wati. Duka letu likivuta wati 780, na inveta ikiwa na ufanisi wa asilimia 85, betri zinatoa wati 918 hivi, sawa na ampia 38 kwa volti 24. Fundi anayekadiria betri kwa kutumia 1079 VA atapata ampia 53, na atamuuzia mteja betri asizohitaji. Kile kidogo kinachopotea ni joto la waya na transista. Ampia 4.7 badala ya 3.4, ambazo zingetosha kama pawa fakta ingekuwa 1, zinatoa joto karibu mara mbili kwenye waya ule ule. Ndiyo maana feni ya inveta inazunguka muda wote kwenye duka la friji na haizunguki sana kwenye nyumba ya taa na televisheni. Kwa hiyo inveta kadiria kwa VA na wati, waya wa 230 kadiria kwa ampia halisi, betri kadiria kwa wati na saa.

LUKU nayo inafanya vivyo hivyo: inahesabu uniti, yaani kilowati-saa, na ndiyo sababu mtu wa nyumbani anaweza kuishi miaka mingi na pawa fakta mbaya asiione kwenye matumizi yake. Wateja wakubwa wa TANESCO, wenye viwanda, wao wanatozwa pia kwa kVA za juu walizofikia, na ndiyo maana viwandani mtaona makabati ya kapasita.

Na hapo najua kuna fundi kijana ameshafikiria: si tufunge kapasita kwenye friji? Hesabu inakubali. Kuirudisha friji yetu kutoka 0.65 hadi 0.9 kunahitaji karibu mikrofaradi 12 kwenye 230 V, kapasita ya ukubwa wa zile za mota za feni na pampu. Kwenye umeme wa gridi ingefanya kazi. Kwenye inveta sishauri, na nina sababu. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini, zinatoa wimbi la ngazi, na kila ngazi inapopanda ghafla kapasita inavuta mkondo mkali unaoweza kupasua transista. Hata kwenye inveta ya wimbi laini, kapasita iliyofungwa kwenye soketi inabaki imeunganishwa wakati kompresa imezima, na sasa inveta inabeba ampia za kapasita bila mzigo wowote. Na ile sehemu ya kompyuta na balbu, kapasita haiigusi kabisa, kwa sababu tatizo lake si kuchelewa. Huko dawa ni kununua kifaa bora: balbu iliyoandikwa PF 0.9, au pawasaplai yenye saketi ya kurekebisha pawa fakta ndani yake.

Neno moja kuhusu vipimo. Klampu mita nyingi za bei ya chini zinakadiria mkondo kana kwamba ni wimbi laini. Kwa friji zitasoma vizuri. Kwa kompyuta au balbu zinaweza kusoma chini kwa robo au hata theluthi, na mtaondoka mkidhani kuna nafasi ambayo haipo. Tafuteni iliyoandikwa TRUE RMS mbele yake. Kama huna, soma ampia kwenye lebo ya kifaa uzidishe kwa 230. Lebo huwa inataja ampia za juu kidogo kuliko za kawaida, kwa hiyo hesabu itaelekea upande wa usalama.

Turudi dukani tumalize kazi. Ningemfungia 1500 VA / 1200 W, ya transfoma kama ile ya kwanza. VA 1079 ni asilimia 72 ya 1500, wati 780 ni asilimia 65 ya 1200, dari zote mbili ziko mbali. Betri zake zinabaki zile zile.

Kinachobaki ni kuwaka. Kompresa ikianza kuzunguka inavuta mara tano ya mkondo wake au zaidi, kwa muda mfupi sana. Friji yetu ya ampia 2 inaruka hadi 10. Inveta nyingi za transfoma zinavumilia mara tatu ya kiwango chake kwa sekunde chache, soma kitabu chake uhakikishe; kwa 1500 VA hiyo ni ampia 19 na nusu. Friji moja ikiwaka wakati nyingine inazunguka na vitu vingine vimewashwa, tuko kama ampia 13. Inapita. Lakini umeme wa TANESCO ukikatika na inveta ikashika, friji zote mbili zinaweza kutaka kuwaka kwa pamoja, na hapo ni ampia 20 kabla hujahesabu kompyuta. Kwa hiyo kila friji iwe na friji gadi yake, ya aina unayoweza kurekebisha muda wa kusubiri. Moja iweke dakika tatu, ambazo kompresa inazihitaji hata hivyo ili mgandamizo wa gesi ulegee. Nyingine iweke dakika tano. Kisha zima swichi kuu ya duka mwenyewe, usimame pale na saa mkononi, mpaka umezisikia zote mbili zikiwaka moja baada ya nyingine.